Gari Lililokunywa Maji

Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa huko tangu mwaka 1949. Kituo cha Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, kilipima milimita 254 katika muda usiofika saa 24. Barabara za Dubai ziligeuka mabwawa, na magari mengi yalitelekezwa humo, mengine yakiwa yamebakiza paa tu juu ya maji. Siku zilizofuata winchi zikayavuta, makampuni ya bima yakawalipa wateja wao, na jiji likaendelea na shughuli zake. Magari yale yaliendelea pia, kila moja na njia yake, na njia hizo ndizo zinazomhusu mnunuzi wa huku kwetu.

Gari ambalo bima imelilipia halisagwi hivi hivi. Linauzwa kama lilivyo, kwa bei ya chini, kwa mtu anayejua kulifungua na kulisafisha. Dubai ina eneo huru la biashara ya magari yaliyotumika, DUCAMZ, ambako yanafika magari kutoka Japani na kwingineko na kuuzwa tena Afrika. Yenye usukani wa kushoto yanafaa Kongo, Burundi na Rwanda. Ya usukani wa kulia yanashuka Mombasa na Dar es Salaam. Japani nako kumekuwa na mafuriko mfululizo: Julai 2018 mto ulivunja kingo na kuzamisha mtaa wa Mabi mjini Kurashiki, Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kikaujaza mto Chikuma mkoani Nagano hadi treni kumi za mwendokasi zikazama kwenye karakana yake, na Julai 2020 ikawa zamu ya mto Kuma huko Kumamoto. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania wengi wanakimbia magari makuukuu kwa sababu ya ushuru wa ziada. Kwa hiyo magari yaliyokuwa mapya katika miaka ile ya mafuriko ndiyo hasa yaliyokuja kutafutwa kwenye yadi zetu.

Wala si lazima maji yawe ya ng'ambo. Bonde la Msimbazi pale Jangwani linafurika karibu kila masika ya nguvu, na mafuriko ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari hadi kwenye maegesho ya majumba ya watu.

Kosa la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba gari lililozama litajionyesha. Wanalitegemea liwe na kutu, linuke, au likatae kuwaka. Lakini gari likivutwa mapema, viti vikatolewa, zulia likaoshwa na kuanikwa juani, oili zikabadilishwa na bodi ikapigwa polishi, linaweza kuwaka kwa funguo ya kwanza na kwenda barabarani kimya kabisa. Siku ya kuuzwa liko sawa kweli. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba halina tatizo, na kwa siku ile asiwe amesema uongo. Madhara ya maji kwenye gari la kisasa huchukua wiki au miezi kukomaa, na muda huo ndio unaompa muuzaji faida na kumwachia mnunuzi hasara.

Sababu iko kwenye waya. Ndani ya gari kuna waya nyingi zilizofungwa pamoja na kupitishwa chini ya zulia, kwenye kingo za milango na nyuma ya dashibodi, na kila mahali zinapokutana kuna soketi yenye pini ndogo za shaba. Kila waya ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa ndani ya mpira. Maji yakigusa ncha yake, yanapanda katikati ya nyuzi zile kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na yakishaingia humo jua la nje haliyakaushi. Polepole shaba inaota ukungu wa kijani. Ukungu huo unazuia umeme kupita vizuri. Kwanza kioo cha mlango mmoja kinakataa kushuka siku za baridi, kisha taa ya breki inawaka yenyewe, kisha gari linazima kwenye foleni na kuwaka tena baada ya dakika kumi. Fundi anabadilisha sensa, tatizo linapotea, halafu linarudi kwa sura nyingine. Maji ya chumvi, kama yale yanayoletwa na kimbunga pwani, yanaharakisha haya yote mara nyingi zaidi, kwa kuwa chumvi inabaki kwenye pini hata maji yakikauka na inanyonya unyevu upya.

Kama uharibifu ungeishia kwenye vioo na redio, ningesema mtu anunue kwa bei nzuri na avumilie. Lakini katika magari mengi, kiboksi kinachoamua mifuko ya hewa ifumuke au isifumuke kimefungwa sakafuni, katikati, chini ya dashibodi karibu na gia. Maana yake ni kwamba kinazama mapema, maji yakiwa bado hayajafika kwenye kiti. Waya za mifuko ya pembeni na za kukaza mikanda zinapita chini ya viti vya mbele, na mashine ya kuukaza mkanda iko chini ya nguzo ya mlango. Kiboksi kilicholiwa na kutu kinaweza kukaa kimya siku ya ajali. Kinaweza pia kufumua mfuko pasipo ajali, mtoto akiwa amekaa mbele. Hili ndilo linalonifanya nisimshauri mtu yeyote kununua gari lililozama kwa ajili ya familia, hata kwa nusu ya bei.

Sasa tuchukue gari moja tulikague pamoja. Tuseme ni Toyota Fielder ya mwaka 2018, iko yadi, ina rangi ya fedha, na inauzwa milioni 20 wakati zinazofanana nayo ziko kwenye milioni 25. Nenda asubuhi kabla halijawashwa, na usiende jioni. Omba limefungwa vioo tangu usiku. Ukifungua mlango, vuta pumzi kabla hujasema lolote. Harufu ya uvundo ni dalili, lakini harufu kali ya manukato, viboksi viwili vitatu vya kunukiza vikiwa vimening'inizwa, ni dalili vilevile. Kisha washa kiyoyozi kwa mzunguko wa ndani, funga milango, usubiri dakika chache. Tope lililobaki kwenye mapafu ya kiyoyozi huanza kunuka hapo, kwa sababu ni vigumu kuyafikia bila kuing'oa dashibodi.

Anza na mkanda wa dereva. Usiuvute kama unapoufunga. Uvute wote mpaka ugome. Sehemu ya mwisho, ambayo siku zote imejikunja ndani ya nguzo, ndiyo waoshaji huisahau. Ikiwa ina mstari wa tope, au rangi yake inabadilika ghafla mahali fulani, umeona maji yalipofika. Fanya hivyo kwa mikanda yote, maana kiti cha nyuma mara nyingi kimesafishwa kwa haraka zaidi.

Halafu piga magoti. Kizingiti cha plastiki kwenye mlango wa Fielder kimebanwa kwa klipu, na fundi yeyote anakivuta kwa mkono na kukirudisha bila kukivunja. Kikitoka, inua ukingo wa zulia uingize vidole chini yake. Chini ya zulia kuna godoro nene, na godoro hilo ndilo linalokaa na maji kwa wiki nyingi hata juu pakiwa pakavu kabisa. Libonyeze. Chota vumbi lililo chini yake ulisugue kati ya vidole: vumbi la barabarani ni la mchanga mchanga, lakini tope la mafuriko likikauka linakuwa unga laini uliojitandaza sawasawa hadi kwenye kona. Zulia jipya kabisa kwenye gari la miaka saba nalo linadai maelezo.

Ukiwa bado chini, sogeza kiti cha mbele nyuma kabisa, kisha mbele kabisa, utazame reli zake, bolti zinazokishika sakafuni na springi zake kwa tochi. Tazama soketi za manjano chini ya kiti. Rangi ya manjano inatumika kwa waya za mifuko ya hewa, na soketi hizo hazina sababu ya kuwa na tope wala ukungu wa kijani. Angalia pia kama kuna bolti za kiti zilizochubuliwa na spana. Kiwandani zilikazwa mara moja, na ni nadra mtu kufungua viti vyote vinne bila sababu. Kisha tazama juu, nyuma ya pedeli na chini ya usukani. Kutu kwenye vyuma vya huko haiwezi kuelezwa kwa mvua iliyoingia dirishani.

Kwenye buti, toa tairi la akiba na vifaa vyote, uangalie kishimo kilicho chini. Mbele, fungua boksi la chujio la hewa. Karatasi ya chujio iliyowahi kulowa hukunjamana na kuwa na doa lenye ukingo. Hata kama chujio ni kipya, tope hubaki kwenye pembe za boksi lenyewe. Taa za mbele zenye mstari wa ulalo ndani ya kioo zimewahi kujaa maji. Ukiona taa zote mbili ni mpya huku vingine vyote ni vya zamani, uliza.

Sasa funguo. Ifungue mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya mifuko ya hewa, yenye picha ya mtu na mpira mbele yake, inapaswa kuwaka kwa sekunde kama sita kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda imefungwa kwa makusudi. Ikizima sawia pamoja na taa ya oili kila unapoliwasha gari, yaweza kuwa imeunganishwa kwenye waya ya taa hiyo ili ikudanganye. Baada ya hapo mruhusu fundi wako achomeke mashine ya kupimia. Mwambie asome viboksi vyote, siyo wa injini peke yake, na aangalie kama makosa yamefutwa karibuni. Gari lililofutwa makosa jana linaonyesha kwamba majaribio yake ya ndani bado hayajakamilika. Kwa gari lililoshuka melini juzi hilo halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu betri huwa imechomolewa au kuisha njiani. Kwa gari linalotembea mjini kila siku, linatosha kukufanya usubiri.

Injini ina hadithi yake. Maji hayabonyezeki. Dereva akiendelea kukanyaga mafuta ndani ya dimbwi, maji yakavutwa kupitia chujio hadi kwenye silinda, pistoni inayapiga na mkono wake unapinda. Mkono uliopinda kidogo haulizimi gari. Injini inaweza kutembea miezi, mpaka siku ile mkono unakatika na kutoboa bloku. Fundi akipima mgandamizo wa silinda nne na kukuta moja iko chini kuliko wenzake, mwulize anadhani ni kwa nini. Giaboksi ya Fielder ni ya mkanda na haina stiki ya kupimia oili, hivyo gari linapaswa kupandishwa juu na kufunguliwa nati ya chini ili oili ionekane. Wengi hawafanyi kazi hiyo kwa kuwa inachosha. Giaboksi inapumua kupitia kitundu kidogo kwa juu, na maji hupitia hapohapo. Oili iliyochanganyika na maji huwa nyeupe yenye ute, na giaboksi iliyozungushwa na oili hiyo haina maisha marefu.

Kwa magari ya haiburidi tahadhari ni kubwa zaidi. Kwenye Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza betri kubwa ya umeme iko chini ya kiti cha nyuma, na ina volti 144. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu ni volti zaidi ya 200. Maji yanayofika kwenye kiti yamefika kwenye betri. Usimruhusu fundi wa mtaani aifungue kwa bisibisi ili kuangalia. Gari la namna hiyo likionyesha dalili moja tu ya tope nyuma, liache.

Kuna mambo yanayofanana na mafuriko lakini si mafuriko, na ni haki yake muuzaji mwaminifu yasemwe. Zulia lililolowa upande mmoja wa mbele mara nyingi linatokana na mpira wa maji ya kiyoyozi ulioziba. Kutu nyingi chini ya gari, kwenye ekzosi na mikono ya tairi, inaweza kuletwa na chumvi inayomwagwa barabarani Hokkaido na kaskazini mwa Japani wakati wa theluji. Kinachotofautisha ni mahali. Chumvi ya barabarani inakula chini na nje. Mafuriko yanaacha kutu ndani, juu ya sakafu, na yanaacha pande zote mbili kwa kimo kilekile. Dalili moja haitoshi. Tatu zinazokubaliana juu ya kimo kimoja zinatosha.

Kwa gari la Japani kuna ushahidi mwingine, nao ni karatasi ya mnada. Mkaguzi wa mnada hulipitia gari kabla ya kuuzwa na kuandika alichokiona. Tafuta humo herufi 冠水 au 水没. Zote mbili zinasema gari liliingia maji. Chama cha utathmini wa magari cha Japani, JAAI, kinalihesabu gari kuwa la mafuriko maji yakishapanda juu ya sakafu ya ndani, na thamani yake inashushwa kadiri maji yalivyopanda, kutoka sakafu hadi kiti hadi dashibodi. Alama R au RA ina maana nyingine: gari liligongwa likatengenezwa. Usikubali karatasi aliyokutumia muuzaji kwa simu, kwa sababu picha hubadilishwa kirahisi. Chukua namba ya chesesi uliyoisoma mwenyewe kwenye bodi, ulipie moja ya huduma zinazotafuta karatasi halisi kwa namba hiyo, kisha ulinganishe. Na usiutegemee ukaguzi wa kuingiza gari nchini ufanye kazi hii. Ule unatazama breki, taa, tairi, moshi na mengine ya usalama barabarani. Hakuna anayenyanyua zulia.

Nimesema juu ya maji kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayofichika zaidi, ila gari lililofutwa na bima baada ya ajali linahitaji neno lake. Wengi hudhani kufutwa maana yake ni kuharibika kabisa. Ukweli ni hesabu. Tuseme gari lina thamani ya milioni 20, matengenezo yamekadiriwa milioni 14, na mabaki yake yanaweza kuuzwa milioni 7. Bima ikimlipa mteja milioni 20 na kuuza mabaki, inabaki na hasara ya milioni 13, ambayo ni pungufu ya 14 za kutengeneza. Basi inalifuta. Ndiyo maana unaweza kukuta gari lililofutwa ambalo kwa macho halijaumia sana, na ndiyo maana dalali anaweza kukwambia "liligongwa taa tu" na ukamwamini.

Jiulize aliyelinunua kwa milioni 7 alilitengeneza vipi na bado akapata faida, wakati gereji ya bima ilihitaji 14. Alikata mahali. Mara nyingi kilichokatwa ni mifuko ya hewa, kwa kuwa ni ghali na haionekani: kifuniko cha usukani kinagundishwa, dashibodi inashonwa upya, na badala ya mfuko kinawekwa kipande kidogo cha umeme kinachoidanganya taa izime kwa wakati wake. Pengine ni chesesi, iliyovutwa ikanyooka kwa macho huku chuma chake kimeshachoka. Bonyeza kifuniko cha usukani na cha mbele ya abiria ulinganishe rangi na ugumu wa plastiki yake na sehemu za jirani. Fungua boneti utazame gundi nyeusi au ya kijivu kwenye maungio ya mabati. Ya kiwandani imenyooka, ya mtaani inapindapinda.

Uingereza, tunakoagiza Range Rover na mengineyo, ina utaratibu ninaotamani tungekuwa nao. Tangu Oktoba 2017 gari lililofutwa linawekwa kwenye daraja: A lisagwe lote, B vipuri vitolewe na bodi isagwe, S limeumia mifupa lakini linatengenezeka, N halikuumia mifupa. Daraja hilo linabaki kwenye kumbukumbu, na kwa kutumia namba ya zamani ya Uingereza mnunuzi aliyeko Arusha anaweza kulitafuta kwa ada ndogo kabla hajatuma pesa. Kadi ya gari ya kwetu inataja mmiliki, chesesi, injini, rangi na mwaka. Haina mstari wa kusema kwamba bima ilishawahi kulilipia.

Kwa hiyo mstari huo uandikeni wenyewe. Mkikubaliana bei, mkataba wa mauziano uwe na sentensi inayosema kwamba muuzaji anathibitisha gari hili halijawahi kuingia maji kupita sakafu wala kulipwa na bima kama hasara kamili, na kwamba ikigundulika vinginevyo atarudisha pesa zote. Mpe karatasi aisome kabla ya kwenda kwa wakili. Muuzaji anayelijua gari lake ataweka sahihi. Akianza kusema kwamba hayo si mazoea ya yadi yake, rudisha funguo, hata kama ulishalipia fundi na teksi ya asubuhi ile.